Kusafisha kasoro za mwisho kwenye picha iliyovalishwa suti: wapi Clone, wapi Healing

Suti imeshakaa. Mabega yamelingana, tai imeshuka sawasawa chini ya kidevu, na mwenye picha akiiangalia kwenye simu anaona kazi imekwisha. Ifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100 uone. Begani kuna uzi mweupe unaofuata ukingo wa koti. Kati ya shingo na kola ya shati pamebaki kipande cha fulana. Ngozi chini ya kidevu ina wekundu usio wake, na mistari ya tai imekatika pale ulipoirefusha. Kasoro zenyewe ni ndogo, lakini ndizo zinazomfanya mtu aseme "hii imetengenezwa" hata kama hawezi kuonyesha kidole ni wapi.

Nitafuata picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya aina inayopita kila siku kwenye studio zetu. Kijana amepigwa akiwa na fulana nyekundu ya shingo ya duara, anataka picha ya CV. Amevalishwa koti la bluu iliyokolea, shati jeupe na tai ya mistari kutoka kwenye kiolezo, na nyuma pamewekwa rangi ya bluu hafifu. Natumia Photoshop. Wa GIMP nimewawekea maelezo yao mwishoni.

Kabla ya yote, muulize mteja picha inakwenda wapi. Ya CV, ya kadi ya mwaliko au ya kutundika sebuleni haina shida. Ya viza au pasipoti ni habari nyingine: Marekani, kwa mfano, haipokei picha iliyobadilishwa kwa kompyuta, na hapo suti ya kubandika inaweza kumkwamisha mtu. Huyo mwazime koti la kweli umpige upya.

Swali moja kabla ya kushika brashi

Zana hizi mbili zinafanana mkononi. Zote unashikilia `Alt`, unabofya mahali pazuri pa kuchota, kisha unapaka juu ya kasoro. Zinachofanya baada ya hapo hakifanani kabisa.

`Clone Stamp`, kitufe `S`, inanakili ilichochota vilevile: rangi, mwanga, nyuzi za kitambaa, kila kitu. Ukichota penye mwanga ukapaka penye kivuli, utaona kiraka cha mwanga kimekaa kivulini. `Healing Brush`, kitufe `J`, inachukua umbile tu la mahali ulipochota, yaani nyuzi au vinyweleo, halafu rangi na mwanga inaviokota kutoka pembezoni mwa pale unapopaka. Ndiyo maana chunusi shavuni inapotea bila alama. Na ndiyo maana hiyohiyo ukipaka karibu na kola nyeupe, weupe wa kola unavuja na kuingia kwenye ngozi kama doa la maziwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila kasoro ni hili: pembeni yake pana nini? Ikiwa pande zote ni kitu kilekile, koti tupu au ngozi tupu, tumia Healing. Ikiwa brashi itagusa mpaka wa vitu viwili, koti na mandharinyuma, kola na shingo, mstari na mstari wa tai, tumia Clone. Wanaotumia Healing kila mahali kwa sababu ni ya haraka ndio wanaotoa picha zenye kola zilizoyeyuka.

Kuandaa faili

Usipake juu ya leya ya suti wala ya uso. Tengeneza leya mpya tupu kwa `Ctrl+Shift+N`, kisha kwenye upau wa juu wa zana, penye `Sample`, chagua `Current & Below`. Sasa brashi inachota kutoka leya za chini lakini inaweka rangi kwenye leya yako tupu. Ukiharibu unafuta kipande hicho tu, na suti inabaki kama ilivyokuwa.

Chaguo la `All Layers` lina mtego. Ukiwa na leya ya `Curves` au ya kuongeza mwangaza juu kabisa, brashi inachota rangi iliyokwisha kubadilishwa na leya hiyo, halafu leya ileile inaibadilisha tena mara ya pili. Kiraka kinatoka na rangi tofauti na jirani zake, nawe unahangaika na brashi wakati tatizo liko kwenye mpangilio. Kaa na `Current & Below`, na leya za rangi ziache juu.

Fanya kazi kwenye ukubwa uliotoka kwenye kamera. Picha ndogo ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa 300 dpi ina pikseli 413 kwa 531 tu. Kwa ukubwa huo uzi mweupe wa begani ni pikseli moja au haifiki, na huwezi kuusafisha vizuri. Kupunguza ni hatua ya mwisho. Vipimo vya brashi nitakavyotaja ni vya picha yenye urefu wa pikseli kama 3000, kwa hiyo vipunguze au viongeze kulingana na yako.

Uzi mweupe begani

Unatokana na kiolezo. Koti lilipigwa picha mbele ya ukuta mweupe, na lilipokatwa, pikseli za ukingoni zikabaki na mchanganyiko wa bluu ya koti na weupe wa ukuta. Mbele ya mandharinyuma nyeupe usingeuona. Mbele ya bluu hafifu unang'aa.

Weka leya yako tupu juu kidogo tu ya leya ya koti, kisha bonyeza `Ctrl+Alt+G`. Leya hiyo sasa imefungwa kwenye koti, na chochote utakachopaka kitaonekana pale tu koti lilipo. Brashi ikiteleza nje ya bega, hakuna kinachoharibika. Faida kubwa zaidi ni kwamba ulaini wa ukingo unabaki uleule wa koti, kwa sababu unabadilisha rangi ya pikseli za ukingoni bila kugusa uwazi wake. Wengi hujaribu kuumaliza uzi huu kwa kuukata ukingo pikseli mbili ndani. Uzi unaondoka kweli, lakini bega linabaki kali kama limekatwa kwa wembe.

Chukua Clone Stamp, brashi ya pikseli 20 hadi 30, `Hardness` karibu 50, `Opacity` na `Flow` zote 100. Hakikisha `Aligned` imewekewa tiki. Chota ndani ya koti, pikseli 15 hivi kutoka ukingoni, moja kwa moja mkabala na pale utakapoanza kupaka. Kisha paka ukifuata mstari wa bega. Kwa kuwa `Aligned` imewashwa, mahali pa kuchotea panasogea pamoja na mkono wako, sambamba na bega, hivyo kila sehemu ya ukingo inapata rangi ya jirani yake wa ndani. Bega lina mwanga juu na giza kuelekea mkononi, na kwa njia hii mteremko huo unabaki. Ukichota mara moja katikati ya kifua ukapaka bega zima, ukingo utakuwa na rangi moja na bega litaonekana kama karatasi.

Kama koti lina mshono ukingoni unaotaka kuuhifadhi, ibadilishe hali ya leya kutoka `Normal` kwenda `Darken`. Hapo pikseli zenye mwanga kuliko ulichochota ndizo zitakazofunikwa, na nyuzi nyeusi za mshono zitabaki. Usibadilishe hali kwenye brashi yenyewe. Juu ya leya tupu brashi haina cha kulinganisha nacho, kwa hiyo `Darken` ya brashi haitafanya lolote.

Shingo, ambako kazi nyingi ipo

Hapa pana matatizo mawili yanayoonekana kama moja: kipande cha fulana kilichobaki juu ya kola, na wekundu ambao fulana iliurushia kidevu kabla haijaondolewa.

Anza na kipande. Katika picha yetu ni utepe mwembamba wa shingo ya fulana upande wa kushoto, umegusa kola ya shati kwa chini na ngozi kwa juu. Kishawishi ni kupitisha Healing mara moja. Ukifanya hivyo, Healing itaangalia pembezoni mwa brashi, itakuta ngozi upande mmoja na shati jeupe upande wa pili, na itachanganya vyote viwili.

Dawa ni kuitenga kasoro na mpaka kwanza. Tengeneza leya tupu juu ya ngozi na chini ya shati. Kama shati na koti ni leya moja, iweke chini ya leya hiyo. Kwa Clone Stamp ndogo, pikseli 10 hadi 15, `Hardness` 70 au 80, chota ngozi ya shingo iliyo karibu na yenye kivuli kinachofanana, kisha paka ukanda mwembamba wa ngozi ukifuata ukingo wa kola. Huhitaji kufunika fulana yote, huo ukanda tu. Fulana iliyobaki sasa imezungukwa na ngozi pande zote na haigusi tena weupe. Hapo ndipo unachukua Healing Brush, `Hardness` 80 au zaidi, unachota ngozi safi, unamaliza kilichobaki. Brashi laini sana kwenye Healing inaeneza mchanganyiko mbali kuliko unavyotaka.

Kama leya zimekwisha kuunganishwa na huwezi kwenda chini ya shati, tumia uteuzi. Kwa `Lasso` zungusha eneo la kasoro, ukilifanya kubwa kidogo kuliko kasoro yenyewe upande wa ngozi, lakini upande wa kola lifuate mstari wa kola barabara. Ukipaka kwa Healing ndani ya uteuzi huo, rangi za nje hazivuji kuingia.

Usifute mstari mwembamba wa giza pale ngozi inapokutana na kola. Ni kivuli cha kugusana. Mara nyingi Healing inauondoa bila mtu kuona, na kola inaanza kuelea shingoni. Ukigundua umeufuta, urudishe kwa Clone ukichota kivuli kama hicho upande wa pili wa shingo. Kivuli ambacho hakikuwepo tangu mwanzo ni kazi ya brashi ya kawaida, maana zana hizi haziumbi kitu ambacho hakipo mahali pa kuchotea.

Sasa wekundu chini ya kidevu. Ngozi pale haina kasoro, vinyweleo vipo na kivuli kipo, ni rangi tu iliyokosewa. Kuifunika kwa Healing ni kutupa ngozi nzuri, na zaidi ya hapo haitasaidia, kwa sababu Healing inaokota rangi kutoka pembezoni na pembezoni nako ni kwekundu. Tengeneza leya tupu, ibadilishe hali iwe `Color`, chukua Clone Stamp laini, `Opacity` kama 40. Chota upande wa shingo ambao fulana haikuufikia, kisha paka polepole. Leya ya `Color` inabadilisha rangi peke yake na kuacha mwanga na umbile kama vilivyo, kwa hiyo kivuli cha kidevu hakiguswi. Kwa ngozi nyeusi chota shingoni, usichote shavuni au kwenye paji la uso. Rangi ya sehemu hizo huwa tofauti na ya shingo, na tofauti hiyo inaonekana upesi.

Vumbi, nyuzi na mikunjo kwenye koti

Hapa ndipo mahali pa kwenda haraka. Kila kitu kilicho katikati ya kitambaa, mbali na mishono, ondoa kwa `Spot Healing Brush`, `Type` ikiwa `Content-Aware` na `Sample All Layers` ikiwa na tiki. Zana hii haina `Current & Below`, kwa hiyo zima kwanza jicho la leya za rangi zilizo juu. Fanya brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko doa, bofya mara moja, nenda doa linalofuata. Kubofya ni bora kuliko kuburuta, kwa sababu kadiri eneo linavyokuwa refu ndivyo programu inavyobahatisha zaidi.

Doa likiwa karibu na kola ya koti, mfuko au kifungo, rudi kwenye Clone. Chota ndani ya kipande kilekile cha kitambaa. Nyuzi za kola ya koti zinaelekea upande tofauti na nyuzi za kifua, na kiraka kutoka kifuani kikiwekwa kwenye kola kitaonekana hata kama rangi ni ileile. Ukikosa pa kuchota penye mwelekeo sahihi, fungua `Window > Clone Source` na ubadilishe namba ya kuzungusha, ukitazama brashi mpaka nyuzi zilale sawa.

Na kwenye kitambaa usipunguze `Opacity` ya Clone ukidhani ndiyo ustadi. Picha ya kamera ina chembechembe. Ukipaka kwa asilimia 30 mara kadhaa, chembechembe za mahali pawili zinachanganyika na kufifishana, na pale unapopaka panakuwa laini kama plastiki katikati ya kitambaa chenye nyuzi. Kwa kitambaa, 100. Asilimia ndogo ziache kwa leya ya `Color`, ambako umbile haliguswi.

Mistari ya tai

Tai ilirefushwa ili ifike kwenye kifungo cha koti, na pale ilipounganishwa mistari imehama. Healing haina nafasi hapa hata kidogo, kila pikseli iko karibu na mpaka.

Kwenye `Clone Source` washa `Show Overlay` na `Clipped`, ili ndani ya duara la brashi uone unachokaribia kupaka. Tafuta mstari mzima ulio juu ya ule uliovunjika. Bofya `Alt` hasa kwenye ukingo wa mstari, pale bluu inapokutana na nyekundu, au rangi yoyote ya tai yako. Kisha peleka brashi kwenye ukingo kama huo wa mstari uliovunjika, usibofye kwanza. Sogeza mpaka mistari iliyo ndani ya duara iungane na iliyo nje, ndipo ubofye na kuendelea. Ukiwa na `Aligned`, umbali huo ukipatia mara moja unabaki hadi utakapochota tena, na unaweza kumaliza eneo lote kwa mipigo mifupi. Chota mstari ulio jirani. Tai inazidi kupanuka kuelekea chini, na ukichota mbali upana wa mistari hautalingana.

Kutafuta ulichokosa

Jicho lililokaa nusu saa kwenye shingo moja haliioni tena. Weka juu ya leya zote leya ya muda ya `Curves` yenye mkunjo mkali, unaopanda na kushuka mara mbili au tatu. Picha itatisha, lakini viraka vilivyofichika kwenye koti la rangi iliyokolea vitatokea waziwazi kama mabaka, na uzi wowote wa begani uliosalia utaonekana. Rekebisha ukiwa umeizima, kisha iwashe tena ukague. Halafu geuza picha kwa `Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal`. Ikiwa kinyume, mapacha yanaonekana: mkunjo uleule mara mbili kifuani, kidoa kilekile cha kitambaa kikijirudia kwa umbali sawa. Dawa ya mapacha ni kuharibu mmoja wao kwa kuchota mahali pa tatu. Ukimaliza irudishe picha ilivyokuwa na ufute leya ya muda.

Hifadhi PSD yenye leya zote, kisha tengeneza nakala, iunganishe, ipunguze kwa `Image Size` na uiangalie tena kwa asilimia 100. Kupunguza kwa chaguo la `Bicubic Sharper` kunakaza kingo, na uzi mweupe uliodhani umekufa unaweza kurudi hafifu begani. Ukirudi, usiusafishe kwenye nakala ndogo. Rudi kwenye PSD, pitisha Clone tena kwenye leya iliyofungwa na koti, upunguze upya.

Kwa wanaotumia GIMP

Mantiki ni ileile, vitufe ndivyo vinavyobadilika. Clone ni `C`, Heal ni `H`, na unachota kwa `Ctrl` badala ya `Alt`. Ili Clone ichote kutoka leya za chini, weka tiki kwenye `Sample merged`, na kwenye `Alignment` chagua `Aligned`. Badala ya kufunga leya kwenye koti, simama kwenye leya ya koti, tumia `Layer > Transparency > Alpha to Selection`, kisha paka kwenye leya tupu ndani ya uteuzi huo. Kwenye ulaini wa ukingo huenda ukahitaji kupitisha brashi mara ya pili. Kwa Heal usitumie leya tupu, kwa sababu inahitaji pikseli zilizopo chini ya brashi katika leya ileile ili ipate rangi ya kuchanganya. Maliza kwanza kazi zote za Clone, tengeneza `Layer > New from Visible`, na uponye juu ya hiyo.